Mche wa Sabuni na Hesabu ya Mafuta

Katika maduka ya mtaa wa Makanyagio, mjini Mpanda, mteja wa asubuhi hanunui mche mzima wa sabuni. Anataka kipande. Muuzaji anaushika mche, anaukata kwa kisu au uzi, anapokea sarafu, na kabla hajaurudisha kwenye rafu mteja mwingine ameshafika. Mwandishi wa makala haya alikaa nyuma ya kaunta ya duka moja la namna hiyo akiwa na daftari, kwa ruhusa ya mwenye duka, akitafuta jibu la swali linaloulizwa sana na vijana na akina mama wa Katavi: katika vitu vyote hivi vinavyotoka mbali na kuisha kila siku, kipi kinaweza kutengenezwa hapa hapa?

Daftari lilikuwa na safu nne. Ya kwanza ilikuwa jina la kitu. Ya pili, kinanunuliwa mara ngapi kwa siku. Ya tatu, kipimo anachokitaka mteja: kipande, kijiko, kifuko, kimoja kimoja. Ya nne ilikuwa na kazi kuliko zote: malighafi yake inatoka wapi. Hapo ndipo maandishi ya kwenye karatasi ya kufungia yanapodanganya bila kusema uongo. Sabuni nyingi za mche zimeandikwa kuwa zimetengenezwa Tanzania, na ni kweli. Lakini sehemu kubwa ya mafuta yanayotumiwa na viwanda vya sabuni vya Afrika Mashariki ni ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia. Yanashushwa bandarini, yanapikwa kuwa sabuni, kisha sabuni hiyo inasafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 hadi Mpanda. Kwa mama anayenunua kipande pale Makanyagio, kilicho cha nchini ni kazi ya kuipika. Mafuta ni ya ng'ambo.

Vitu vitatu ndivyo vilivyobaki daftarini baada ya mengine kuchujwa: vijiti vya meno, mishumaa na sabuni. Vyote vinaonekana rahisi. Ukivipima kwa makini, viwili vinaanguka, na sababu zake hazifanani.

Vijiti vya meno huwachukiza watu kuliko bidhaa yoyote ya kuagizwa. Nchi yenye misitu kama ya Katavi kununua vijiti kutoka China, watu husema, ni aibu. Hesabu haina aibu. Chukua pakiti ya vijiti 200. Mtu hodari akichonga kimoja kwa sekunde 10, pakiti moja itamchukua zaidi ya nusu saa, na bado hajakausha, hajasugua, hajapanga. Pakiti hiyo inauzwa kwa shilingi mia chache. Kinachotengeneza vijiti ni mashine inayopasua, kuviringisha na kuchonga maelfu kwa mfululizo, na mashine hiyo inahitaji soko la nchi nzima ili ilipe. Tena katoni ya vijiti ni nyepesi mno, kwa hiyo umbali wa Mpanda haumpi mtengenezaji wa hapa kinga yoyote. Nauli ya kuvileta haionekani kwenye bei.

Mshumaa una tatizo la upande wa pili. Mkoa wa Katavi ni nchi ya nyuki. Asali ya Inyonga na Mlele inajulikana, na nyuma ya kila ndoo ya asali kuna nta. Kijana anayeona mishumaa ya parafini dukani huwaza haraka: nta tunayo, utambi ni uzi, tutengeneze. Inawezekana kabisa, na mshumaa wa nta unawaka vizuri na kwa muda mrefu. Ila nta ya nyuki ni bidhaa ya kuuzwa nje tangu enzi za Wajerumani, inayotafutwa na watengenezaji wa vipodozi na dawa, na kilo yake huuzwa mara kadhaa ya bei ya kilo ya parafini. Kuigeuza kuwa mshumaa wa kuangazia umeme unapokatika ni kuuza ghali kwa bei rahisi. Malighafi ipo, ufundi ni mwepesi, na bado jibu ni hapana.

Ikabaki sabuni.

Sabuni ilikuwa na sifa tatu ambazo vile viwili havikuwa nazo kwa pamoja. Inaisha: familia inayofua nguo za shamba na sare za watoto hainunui mara moja kwa mwezi. Ni nzito, na sehemu ya uzito huo ni maji, kwa hiyo anayeileta kutoka Dar es Salaam analipia nauli ya maji. Halafu mafuta yake yana asili ya jirani. Michikichi imejaa Kigoma na mwambao wa Ziwa Tanganyika. Madumu ya mawese hufika Mpanda kwa barabara ya Uvinza, na kwa reli pia kupitia Kaliua, kwenye tawi lililojengwa karibu na mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Mpanda. Pamoja na mawese huja mise, mafuta yanayotoka kwenye kokwa baada ya kupasuliwa. Mawese huipa sabuni ugumu, mise huipa povu. Anayetumia mawese peke yake atapata kipande kigumu kinachotoa povu kwa shida, na mfuaji wa Mpanda haamini sabuni isiyotoa povu.

Mwandishi aliungana na kikundi kidogo cha akina mama waliokuwa tayari wanajaribu. Walipikia uani, chini ya mwembe, wakitumia ndoo za plastiki, mizani ya jikoni na mwiko mrefu. Kipimo chao kilichokaa sawa kilikuwa kilo 7 za mawese na kilo 3 za mise. Kila aina ya mafuta hudai kiasi chake cha kostiki soda ili yote yageuke sabuni. Kilo moja ya mawese inahitaji takriban gramu 141. Kilo moja ya mise inahitaji takriban gramu 175. Kwa hiyo kilo 7 za kwanza zinadai gramu 987, na kilo 3 za pili gramu 525, jumla gramu 1,512. Wao walipunguza asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki bila kushikwa na sabuni isiunguze mikono, wakatumia gramu 1,440 zilizoyeyushwa katika lita tatu na nusu za maji.

Kostiki humiminwa kwenye maji, kidogo kidogo. Maji hayamiminwi kwenye kostiki, kwa sababu joto hupanda ghafla na mchanganyiko hurukia usoni. Na sufuria ya alumini, ile iliyo katika kila jiko la Mpanda, haigusi kazi hii. Kostiki huila alumini, inatoa povu na gesi inayoshika moto, na sufuria hutoboka. Mama mmoja wa kikundi, aliyekuwa mkubwa kuliko wote, alikuwa akiwaondoa watoto na kuku uani kabla ya kufungua mfuko.

"Mwanangu, hii si magadi ya kupikia maharage," alimwambia mwandishi. "Simama upande unakotoka upepo."

Maji ya kostiki yakipoa hadi kuwa vuguvugu, yanamiminwa kwenye mafuta ambayo nayo ni vuguvugu, huku yakikorogwa. Mwanzoni ni rojo la rangi ya chungwa linalotaka kujitenga. Kisha linaanza kushikana, hadi mwiko ukiinuliwa, tone linaloanguka linaacha alama juu kama uji mzito wa mtama. Hapo humiminwa kwenye sanduku la mbao lililotandikwa nailoni. Baada ya siku moja au mbili hukatwa, na vipande hupangwa kwenye chanja kivulini, vikiachiwa nafasi ya hewa, kwa muda wa wiki nne. Kilo 15 hivi za mchanganyiko huo hukauka na kubaki karibu kilo 13 za sabuni.

Kuna kosa linalovunja vikundi vingi, na halihusiani na kukoroga. Mafuta huuzwa kwa lita, kipimo cha sabuni ni kilo. Lita 10 za mawese hazina kilo 10. Zina kilo 9 na kidogo. Mtu akichota lita 7 na lita 3, akadhani ana kilo 10, halafu akaweka kostiki ileile ya gramu 1,440, ule upungufu wa asilimia 5 aliouacha makusudi umefutika na kostiki imezidi. Sabuni itaonekana nzuri siku ya kukatwa. Baada ya wiki mbili itaanza kutoa unga mweupe, itakatika kama chaki ikiguswa na kisu, na mfuaji atalalamika kwamba vidole vinachubuka. Kinyume chake pia huonekana kwa macho: kostiki ikipungua mno, kipande hubaki laini, hutoa matone ya mafuta juu, na baada ya muda hunuka uchachu. Dawa ya yote mawili ni mizani. Unga mwembamba unaofutika kwa kidole, ulio juu tu, si tatizo. Hutokana na hewa.

Mpaka hapo jibu lilionekana kuwa ndiyo. Sabuni ilipikika, ilikauka, ilifua. Kazi iliyobaki ilikuwa ya daftari, nayo ndiyo iliyoamua.

Tuchukue bei za mfano ili hesabu ifuatike. Kilo ya mafuta ni shilingi 4,000, kilo ya kostiki ni 5,000. Mafuta kilo 10 ni 40,000. Kostiki gramu 1,440 ni 7,200. Nailoni, vifungashio, usafiri wa mjini na ujira wa wapikaji tuseme 8,000. Jumla ni 55,200, na ukigawa kwa kilo 13, kila kilo ya sabuni imegharimu karibu 4,250. Sasa nenda kwa mwenye duka la Makanyagio. Yeye sabuni ya kiwandani anaipata kwa jumla, tuseme, 3,000 kwa kilo. Kikundi kikimuuzia kwa bei hiyo, kila mpiko unapoteza 16,200. Kadiri wanavyopika zaidi ndivyo wanavyopoteza zaidi.

Inashangaza kwamba kiwanda kilichonunua mafuta kutoka upande wa pili wa bahari kinauza rahisi kuliko jirani wa Ziwa Tanganyika. Sababu ni mbili. Kwanza, kiwanda hakitumii mafuta ya mezani. Hutumia yale ya daraja la chini, yanayobaki mafuta ya kula yanapochujwa. Pili, mche wa bei nafuu mara nyingi una vijazio: maji zaidi, na madini kama silikati ya sodiamu inayoufanya mgumu na mzito. Kikundi kilikuwa kinaweka kwenye sabuni mawese yaleyale ambayo mama ntilie angeyatia kwenye maharage, na kikishindana na jiko la kila nyumba kwenye bei.

Kuanzia hapo mwandishi aliacha kuuliza sabuni inagharimu shilingi ngapi. Akaigeuza hesabu, aanze na bei ya dukani na kurudi nyuma. Kilo 13 kwa 3,000 ni 39,000. Toa kostiki na gharama nyingine, 15,200. Zinabaki 23,800, nazo ndizo zinazoweza kulipia mafuta kilo 10. Kwa hiyo dari ya bei ya mafuta ni 2,380 kwa kilo. Chini ya hapo kuna biashara, juu yake hakuna, hata sabuni iwe nzuri namna gani. Namba hiyo moja iliandikwa kwenye jalada la daftari la kikundi, na kila aliyetumwa sokoni alikwenda nayo.

Mafuta yaliyo chini ya dari hiyo yapo, lakini si yale yanayopangwa mbele. Ni mawese yaliyokaa hadi yakachacha, yanayokataliwa na wapishi. Ni masimbi ya chini ya pipa, baada ya kuchemshwa na maji na kuchujwa kwa kitambaa ili uchafu ukae chini. Ni mise ya msimu ambao kokwa ni nyingi. Mafuta yaliyochacha hudai kostiki karibu sawa na mazuri, ila yanashikana upesi sana. Mpikaji asipokuwa tayari na sanduku lake, rojo hugandia ndoo. Harufu nayo hubaki kidogo, na rangi huwa ya njano nzito. Wapo wanaoyachemsha mawese kwa moto mkali mpaka wekundu upotee, lakini moshi wake ni mkali na mafuta yakizidi joto yanawaka. Akina mama wale waliamua kuiacha rangi ilivyo.

Dari yenyewe inaweza kuinuliwa bila kugusa mafuta. Wenyewe wakikaa gulioni na kuuza vipande kwa wafuaji, bei ya kilo ikafika 3,600, mpiko uleule unaingiza 46,800, na dari inapanda hadi 3,160. Ila hapo mtu mmoja anapoteza siku nzima gulioni, na siku hiyo lazima ihesabiwe. Kwa upande wa wanunuzi, Chaki za Maswa, zilizoanzishwa na vijana wa wilaya ya Maswa mkoani Simiyu katikati ya miaka ya 2010, zilikuwa na njia nyepesi zaidi. Chaki nayo ilikuwa bidhaa ya kuagizwa inayoisha kila siku, na jasi ya kuitengenezea inachimbwa nchini. Lakini mnunuzi wake alikuwa shule, na shule ziko chini ya halmashauri ambazo zingeweza kuamua kwa pamoja kununua za nyumbani. Sabuni ya mche haina mnunuzi wa namna hiyo, isipokuwa kwa wachache: shule za bweni, hosteli, wafuaji wa nguo za wageni.

Kwa wanunuzi hao wachache, sabuni ya uani ina hoja yake. Ikikauka vizuri, karibu robo tatu ya uzito wake ni mafuta yaliyogeuka sabuni, bila vijazio. Mwandishi aliwaona akina mama wakiithibitisha kwa njia ambayo mnunuzi yeyote anaweza kuirudia. Walichukua vipande viwili vya uzito uleule kwenye mizani, cha kiwandani na cha kwao, wakavigawa kwa wafuaji wawili wenye nguo za shamba zinazolingana, katika maji ya kisima kilekile. Kisha wakapima kilichobaki. Cha kwao kilibaki kikubwa. Dukani mteja haoni hilo. Anaona urefu wa kipande na ugumu wake chini ya kidole gumba, basi. Msimamizi wa bweni anayenunua kwa mwezi mzima analiona kwenye stoo yake.

Kuna mlango mmoja ambao haupitiki bila karatasi. Taasisi inayonunua huuliza alama ya TBS. Mjasiriamali mdogo huanzia SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, ambalo hufundisha utengenezaji wa sabuni na hutoa barua ya utambulisho ya kupelekwa TBS. Sampuli hupimwa kiasi cha mafuta na kiasi cha kostiki iliyobaki huru. Hapo ndipo mizani ya jikoni na ile tofauti ya lita na kilo hurudi kudai haki yao, kwa sababu mpiko wa leo na wa mwezi ujao lazima ulingane.

Kostiki yenyewe, ni vema kusema wazi, inatoka nje. Hakuna aliyeifanya sabuni ya Mpanda kuwa ya Mpanda kwa asilimia 100. Katika mfano wetu, hata mafuta yakinunuliwa kwa bei ya dari, shilingi 7,200 kati ya 39,000 za mpiko mmoja zinakwenda kwenye kostiki ya kuagizwa, na sehemu kubwa ya zilizobaki inabaki kwa wenye michikichi, wasafirishaji wa Uvinza na wapikaji. Kwa mche unaotoka mbali, karibu chote kinachobaki Mpanda ni faida ya mwenye duka. Tofauti hiyo ndiyo iliyomfanya mwandishi aendelee kulijaza daftari.

Kikundi sasa hakipiki kila wiki. Anayepita stendi huuliza bei ya dumu, anagawa kwa kilo 18, si kwa lita 20, na kulinganisha na namba iliyo kwenye jalada. Ikiwa chini, wanapika mipiko kadhaa mfululizo na chanja zinajaa kwa oda za mabweni. Ikiwa juu, ndoo zinabaki zimepinduliwa chini ya mwembe, na akina mama wanarudi kwenye karanga na mpunga hadi bei ishuke.